Kuifuata kwinini majini na mafutani

Muuza duka mwenye taa ndogo ya kukagulia noti anaweza kuona jambo ambalo wateja wake wengi hawajawahi kuliona. Azime taa ya dukani, amimine maji ya toniki kwenye glasi safi, kisha amulike glasi ile kwa taa yake ya noti. Kinywaji kilichokuwa cheupe kama maji ya bomba kitang'aa rangi ya buluu. Kinachong'aa ni kwinini, dawa chungu ya malaria, ambayo watengenezaji huiweka kidogo tu kwenye toniki kwa ajili ya ule ukali wake mdomoni.

Mwanga huo una faida kubwa maabara. Kazi ya kutoa kiambato kutoka kimiminika kimoja na kukihamishia kingine kwa kawaida hufanyika gizani, kwa maana kwamba vimiminika vyote viwili huonekana safi na mfanyaji hajui kilichomo kimekaa wapi. Kwinini humwonyesha. Kwa hiyo ukitaka kuelewa jinsi wakemia wanavyotumia asidi, alikali na faneli ya kutenganisha kuvuta kitu wanachokitaka, hakuna mwalimu mzuri kuliko chupa moja ya toniki.

Asili ya kwinini ni gome la mkwinini, mti wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1820, jijini Paris, wafamasia Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Bienaimé Caventou walifanikiwa kuitenga kwinini peke yake kutoka kwenye gome hilo. Baadaye mti wenyewe ulisafirishwa hadi pande zetu. Wajerumani walioanzisha taasisi ya utafiti wa kilimo pale Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, waliupanda huko, na katika vilima vya Kivu, Kongo, mashamba ya mikwinini yamekuwa sehemu ya maisha ya watu tangu enzi za Wabelgiji. Mwenye gome mkononi, hata hivyo, bado hana kwinini. Ana unga wa mti wenye nta, rangi, tanini na mamia ya vitu vingine, na humo ndani kwinini imejificha.

Siri ya kuitoa iko kwenye atomu moja ya naitrojeni. Molekuli ya kwinini ina naitrojeni mbili, lakini moja ndiyo yenye nguvu ya kupokea protoni, yaani kiini cha hidrojeni kinachotolewa na asidi. Ikikutana na asidi, naitrojeni hiyo hupokea protoni na molekuli nzima hupata chaji ya umeme. Molekuli yenye chaji hupenda maji na huchukia mafuta. Ukiweka alikali, protoni huondolewa, chaji hupotea, na molekuli ileile hugeuka mwenyeji wa mafuta: hukimbia maji na kuingia kwenye kiyeyushi kama tolueni, etha au ethili asetati, vimiminika ambavyo havichanganyikani na maji.

Wakemia hupima mwelekeo huo kwa namba mbili. Ya kwanza huitwa pKa, na kwa naitrojeni hiyo ya kwinini ni takriban 8.5. Maana yake ni kwamba maji yakiwa na pH ya 8.5, nusu ya molekuli zina chaji na nusu hazina. Kila pH inapopanda kwa moja juu ya hapo, zenye chaji hupungua kama mara kumi. Inaposhuka kwa moja, zisizo na chaji ndizo hupungua kama mara kumi.

Namba ya pili ni uwiano wa mgawanyo. Chukua kwinini isiyo na chaji, uitikise katika maji na kiyeyushi, uache vitulie, kisha pima ukolezi wake kila upande na ugawe ule wa kwenye kiyeyushi kwa ule wa kwenye maji. Kiyeyushi kinachotumiwa kama kipimo cha kulinganishia ni oktanoli, na kwa kwinini jibu ni kama 2,750. Kwa kila molekuli moja inayobaki katika mililita ya maji, karibu elfu tatu zinakaa katika mililita ya oktanoli. Kiyeyushi kingine kitatoa namba nyingine, lakini tabia ni hiyo hiyo.

Sasa unganisha namba hizo mbili. Toniki ni chachu kwa sababu ya asidi ya sitriki, na pH yake huwa karibu na 3. Kwenye pH hiyo, molekuli isiyo na chaji ni moja tu kati ya laki tatu na zaidi. Hata kama hiyo moja inapenda mafuta mara elfu mbili na mia saba, bado karibu kwinini yote itaganda majini. Ukitikisa toniki na ujazo sawa wa oktanoli, hata asilimia moja haitahama. Pandisha pH hadi 10, na molekuli 97 katika kila mia hazina chaji. Milango imefunguliwa, zinahama.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Wanafunzi hufundishwa kwamba mpaka uko kwenye pKa, yaani chini ya 8.5 kwinini ni ya maji na juu yake ni ya mafuta. Si kweli. Kwa sababu kwinini inapenda mafuta kupita kiasi, hizo chache zisizo na chaji zinazohama huacha pengo, na pengo hilo hujazwa na nyingine zinazopoteza chaji ili kurudisha mizani. Ukipiga hesabu kwa oktanoli, ukolezi wa pande mbili huwa sawa kwenye pH ya karibu 5, si 8.5. Maana yake kivitendo ni kubwa: kuitoa majini ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, lakini kuirudisha majini kunataka asidi ya kweli. Anayedhani maji ya kawaida yenye pH ya 7 yatairudisha kwinini kutoka kwenye kiyeyushi atatikisa mpaka mikono ichoke.

Tuichukue basi chupa na tuifuate kazi hatua kwa hatua, kama inavyofanywa katika maabara ya kufundishia. Toniki ni mililita 100. Nchini Marekani sheria inaruhusu kwinini isizidi miligramu 83 kwa lita, kwa hiyo tukichukulia kuwa chupa yetu ina miligramu 70 kwa lita, tunawinda miligramu 7. Ni kiasi cha kushikwa na ncha ya kisu, lakini taa itakiona.

Kabla ya yote gesi lazima itoke. Toniki ni kinywaji cha gesi, na mtu akiimwaga moja kwa moja kwenye faneli, akaifunga na kuitikisa, kizibo kitaruka na kimiminika kitamwagika usoni. Kwa hiyo humiminwa kwenye bika, hukorogwa na kupashwa moto kidogo mpaka mapovu yakome, kisha huachwa ipoe. Halafu huongezwa amonia, tone baada ya tone, huku pH ikipimwa kwa karatasi yenye rangi nyingi. Litimasi haitoshi, kwa kuwa hubadilika karibu na 7 na haiwezi kukuambia kama umefika 10. Wengine hutumia magadi ya kufulia yaliyosafishwa, yaani sodiamu kaboneti, na inafaa, ila yakikutana na asidi ya sitriki hutoa gesi upya. Mapovu hayo nayo lazima yaishe ndani ya bika, yasisubiriwe ndani ya faneli.

Kuna anayeuliza kwa nini isitumike sodiamu hidroksidi, ambayo ni kali zaidi na inafika haraka. Tatizo ni kiyeyushi tulichokichagua. Ethili asetati huvunjwavunjwa na alikali kali na kugeuka pombe na chumvi ya siki. Kiyeyushi chenyewe kingeliwa tukiwa tunakitikisa.

Faneli ya kutenganisha ina umbo la tone la maji: tumbo pana juu, shingo nyembamba chini, koki kwenye shingo na kizibo mdomoni. Kwa kazi yetu faneli ya mililita 250 inatosha, kwa sababu isijazwe zaidi ya theluthi mbili. Bila nafasi ya hewa, vimiminika havichanganyiki vizuri. Huwekwa kwenye pete ya chuma, na kabla ya kumimina chochote mkono huenda kwenye koki kuhakikisha imefungwa. Kosa la kusahau koki ni la zamani kuliko faneli nyingi zilizopo maabara, na ndiyo maana bika tupu huwekwa chini yake daima.

Mimina toniki, ongeza gramu kumi hivi za chumvi ya kawaida, kisha mililita 30 za ethili asetati. Chumvi ina sababu. Ethili asetati na maji havijatengana kabisa: kila mililita 100 za maji zinaweza kumeza karibu gramu 8 za kiyeyushi hicho. Asiyelijua hilo huweka mililita 30, akapata ishirini na ushee, akadhani faneli inavuja. Chumvi hupunguza nafasi hiyo, na pia husaidia matabaka kutengana upesi.

Sasa kitendo chenyewe. Kizibo hushikwa kwa kiganja cha mkono mmoja, mkono mwingine unashika shingo na vidole viko kwenye koki. Faneli hupinduliwa ili shingo ielekee juu, mbali na uso wa mfanyaji na mbali na jirani, ndani ya kabati lenye kunyonya hewa. Kabla ya kutikisa kwa nguvu, zungusha mara moja tu polepole kisha fungua koki. Mlio wa pssst utasikika: ni mvuke wa kiyeyushi uliopashwa na joto la mikono pamoja na gesi iliyobaki. Funga, tikisa kidogo, fungua tena. Rudia mpaka mlio ufifie, ndipo utikise kwa dakika moja au mbili, ukiendelea kutoa pumzi katikati. Ethili asetati hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo jiko la gesi au taa ya spiriti haiwi karibu.

Faneli hurudishwa kwenye pete, kizibo kinatolewa, na matabaka yanaachwa yatulie. Kizibo kisipotolewa, kimiminika hakitateremka hata koki ikiwa wazi, kwani hewa haina njia ya kuingia kujaza nafasi.

Lipi ni lipi? Ethili asetati ina uzito wa gramu 0.90 kwa mililita, hivyo huelea juu. Anayetumia daikloromethani, yenye gramu 1.33, ataikuta chini, jambo linalorahisisha kurudia mara nyingi, ingawa mvuke wake ni wa hatari zaidi kwa afya. Usiamini kumbukumbu yako: dondosha tone la maji kutoka juu na uangalie linaishia wapi. Tabaka litakalolimeza ndilo la maji. Na hakuna tabaka linalotupwa mpaka kazi imalizike, kwa kuwa wapo wengi waliomwaga kwinini yao kwenye sinki wakibaki na maji ya chumvi.

Tabaka la maji huteremshwa kwa koki, haraka mwanzoni na tone kwa tone mpaka mstari wa mpaka unapofika shingoni. Tabaka la juu halitolewi kwa koki. Hutoka kwa kupinduliwa mdomoni, maana likipita kwenye shingo iliyolowa maji litabeba matone yake.

Hapo mfanyaji huchukua taa, akamulika tabaka la maji, akaona limefifia, na akashangilia. Asishangilie bado. Kwinini hung'aa vizuri ikiwa na chaji, ndani ya asidi. Kwenye alikali hufifia hata kama imo yote. Kipimo cha kweli ni kuchota matone machache ya maji hayo, kuyatia kwenye asidi ya salfuriki nyepesi, na kumulika tena. Buluu ikirudi, bado kuna kwinini iliyobaki.

Kwa nini ibaki ikiwa uwiano ni wa maelfu? Mara nyingi ni kwa sababu pH haikufika. Tuseme mtu alidondosha amonia kidogo akasimama kwenye 5.7. Kwa oktanoli, hesabu ya pH hiyo inatoa uwiano halisi wa karibu 4 tu. Akitumia mililita 100 za kiyeyushi kwa mkupuo mmoja kwenye mililita 100 za maji, sehemu moja kati ya tano ya kwinini itabaki majini, yaani asilimia 20. Akigawa kiyeyushi kilekile mara mbili, 50 na 50, kila mara inabaki theluthi, na theluthi ya theluthi ni asilimia 11. Akigawa mara nne kwa 25, kila mara inabaki nusu, na nusu mara nne ni asilimia 6 na kidogo. Kiyeyushi hakikuongezeka hata tone. Kilichobadilika ni kukigawa. Ndiyo sababu katika kazi yetu ethili asetati huwekwa mara tatu, mililita 30 kila mara, hata pale pH ikiwa sahihi.

Kinachowasumbua watu zaidi ya hesabu ni utando. Ukitikisa kwa fujo, katikati ya matabaka hujitokeza ukanda mweupe kama tui la nazi usiotaka kupasuka. Hayo ni matone madogo sana ya kimiminika kimoja yaliyonaswa ndani ya kingine. Dawa ya kwanza ni subira ya robo saa. Ikishindikana, zungusha faneli taratibu, ongeza chumvi, au pitisha ukanda huo kwenye pamba. Kwenye gome, ambalo lina nta na vitu kama sabuni, utando huu ni wa kila siku, na anayefanya kazi nalo hujifunza kupindua faneli polepole badala ya kuitikisa.

Mikupuo mitatu ya kiyeyushi sasa iko pamoja, na huoshwa kwa maji kidogo ili kuondoa mabaki ya amonia na chumvi. Kisha inakuja nusu ya pili ya kazi, nayo ndiyo yenye uzuri. Weka mililita 20 za asidi ya salfuriki nyepesi, molari 0.05, kwenye faneli yenye ethili asetati, toa pumzi, tikisa, acha itulie. Kwinini inapokea protoni, inapata chaji, inarudi majini. Mulika faneli: tabaka la chini linawaka buluu, la juu limezimika. Karatasi ya pH ikionyesha kuwa maji hayo hayako chini ya 3, amonia iliyobaki imeila asidi na inabidi kuongeza.

Asidi ya salfuriki imechaguliwa kwa makusudi. Asidi ya haidrokloriki ingeirudisha kwinini majini vilevile, lakini ayoni za kloridi huuzima mwanga wake, na mtu angedhani amepoteza kila kitu.

Kilichopatikana kwa safari ya kwenda na kurudi ni usafi. Sukari na asidi ya sitriki hazikupenda kuhama mara ya kwanza, zikabaki kwenye maji ya alikali. Mafuta ya ndimu yanayotia harufu yalihama, lakini hayana naitrojeni ya kupokea protoni, hivyo mara ya pili yalibaki kwenye kiyeyushi. Kilichopita milango yote miwili ni kile tu kinachobadilika kwa pH. Anayeitaka kwinini yenyewe mkononi ataipandisha pH tena, aihamishie kwenye kiyeyushi kipya, akikaushe kwa chembe za sodiamu salfeti kavu mpaka ziache kushikana, achuje na kukiacha kipukike. Kutoka chupa yetu atabaki na ukungu mweupe chini ya chombo, ambao si dawa ya kumpa mtu, maana hakuna aliyeuhakiki usafi wala kipimo chake.

Kwa viambato vya asidi mchezo ni uleule ukiwa umegeuzwa. Asidi ya benzoiki, inayozuia ukungu kwenye soda na sosi ya nyanya, ina pKa ya 4.2. Kwenye asidi haina chaji na huingia kwenye kiyeyushi. Kwenye magadi hupoteza protoni, hupata chaji na kurudi majini. Mpimaji wa chakula huanza kwa kutia asidi, mahali ambapo mtafuta kwinini huanza kwa alikali.

Viwandani, gome lililosagwa lilichanganywa na chokaa na maji ili kuiachia kwinini, likachemshwa na mafuta ya petroli yaliyoivuta, kisha mafuta yakatikiswa na asidi ya salfuriki. Ni safari ileile ya faneli, ila kwa matangi. Na kikomo chake ni kilekile. Gome lina ndugu watatu wakubwa wa kwinini: kwinidini, sinkonini na sinkonidini. Wote wana naitrojeni ya aina ileile, wote huingia mafutani kwa chokaa na kutoka kwa asidi, na hakuna pH itakayowatofautisha vya kutosha. Hapo faneli imefika mwisho wa uwezo wake. Asidi ile husawazishwa taratibu ikiwa moto na kuachwa ipoe, na salfeti ya kwinini, isiyopenda kuyeyuka kwenye maji baridi kama zile za ndugu zake, hujitenga yenyewe kwa fuwele nyembamba kama sindano.